Mrejesho: kuchuja ujumbe usio na maana kwenye mazungumzo ya chatboti

Niliuliza: "Chatboti yetu ya huduma kwa wateja inapokea 'asdfgh', nukta tupu na emoji. Nikizihesabu, ubora unashuka. Nikizifuta, naona kama nadanganya. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kutofuta kitu: kila mazungumzo yanabaki, ila yasiyo na maana yanapewa alama na kuhesabiwa peke yake.

Nilianza na mazungumzo 500. Kichujio kiliweka kando 90. Yaliyotatuliwa yalikuwa 286, kwa hiyo ubora ukapanda kutoka asilimia 57 hadi 70. Nilifurahi, lakini mmoja wenu alikuwa amesisitiza nisome yale 90 kwa macho yangu. Nashukuru nilimsikiliza. Kulikuwa na "2", jibu halali la menyu yetu wenyewe. Kulikuwa na "cjaelewa" na "xaxa nfanyeje", ambazo kamusi ya kichujio haizijui. Kilichoniuma zaidi ni "???" iliyoandikwa baada ya chatboti kujibu ovyo. Huyo ni mteja anayelalamika!

Nilirudisha 30. Sasa ni 286 kati ya 440, yaani asilimia 65, na pembeni naandika: 60 hayana maana, sawa na asilimia 12 ya yote.

Kanuni ya kutazama ujumbe uliotangulia imesaidia kwa "2" na "???". Vifupisho vya mtaani bado vinanishinda. Kila wiki nasoma sampuli kwa mkono.