Mfasiri anayeanza: Upwork, ProZ au Toptal?

"Nafasiri Kiingereza–Kiswahili. Kazi nilizofanya ni za kujitolea tu. Wengine wanasema nianze Upwork, wengine ProZ, na jamaa mmoja kaniambia hela ziko Toptal. Niende wapi kwanza?"

Mpitanjia: Toptal, usipoteze muda. Wanasema wanachukua asilimia 3 tu ya waombaji. Ukishapita, wateja unaletewa.

Mfasiri wa Mombasa: Hiyo asilimia 3 kweli wanajinadi nayo, kaka, lakini kule ni kwa waandishi wa programu, wabunifu, watu wa fedha na wasimamizi wa miradi. Mfasiri hana mlango pale. Kwetu sisi wanaochuja ni mawakala wa tafsiri: wanakupa jaribio fupi, ukifaulu unasaini mkataba wa kutunza siri, kisha kazi zinakuja kwa barua pepe. Na mawakala hao wengi wako ProZ. Upwork nako unalipa ili uombe. Unanunua tokeni za kuombea kazi, zinaitwa Connects. Connect moja ni senti 15 za dola, kwa hiyo tangazo linalotaka 12 ni dola 1.80. Omba kumi, umeshatoa dola 18. Tuseme umepata moja ya dola 40, na makato yakafika asilimia 15: unabaki na 34. Ondoa zile 18, mkononi una 16.

Baba Juma: Mimi niliomba ukarani BrighterMonday, kimya mpaka leo. Hizi tovuti zote ni moja.

Dada wa Dodoma: Baba Juma, hiyo ni ajira, mwenzetu anatafuta vibarua. Mfasiri, hesabu yako sawa, ila umeruka jambo. Mimi wakala alinizungusha miezi mitatu, kila nikiuliza naambiwa ankara iko kwa mhasibu. Upwork, kwa kazi ya bei moja, mteja anaweka pesa kabla sijaanza. Nikishawasilisha akakaa kimya siku 14, zinaachiliwa zenyewe.

Mfasiri wa Mombasa: Hapo umenipata, mradi uone kwanza hatua ya kazi imeandikwa *Funded*, yaani pesa imeshawekwa. Wakala hakuwekei pesa popote, unamkopesha jasho lako. Ndiyo maana ProZ kuna Blue Board, wafasiri wanawapa mawakala alama 1 hadi 5. Wastani usikudanganye. Soma maoni ya karibuni: wakala mwenye alama 5 nyingi za zamani na alama 1 kadhaa za juzi huenda ameishiwa. Linganisha pia anwani ya barua pepe na ile ya tovuti yao, maana matapeli hujifanya mawakala wanaojulikana.

Muulizaji: Basi nianze Upwork kwa bei ya chini nipate nyota?

Dada wa Dodoma: Kazi mbili tatu ndogo, ndiyo. Bila maoni ya wateja nani atakufungulia?

Mfasiri wa Mombasa: Sikubali, dada. Bei ya mkataba wa kwanza mteja wa pili anaiona kwenye wasifu wako, naye ataanzia hapo hapo. Heri achukue kazi fupi kwa bei kamili.

Dada wa Dodoma: Kwa bei kamili, bila nyota hata moja? Nionyeshe aliyeipata.