Mlinzi wa lile jengo la vioo kasaini mzigo wangu, leo wananiambia hawamjui!

Mzee wa Rimu:
Wakuu, kwa hasira nilizonazo naweza kutafuna tairi la lori na ringi yake. Mnalijua lile jengo la vioo pale Posta, lenye yule dada wa mapokezi anayeongea na wageni huku anatazama dari? Huyo huyo. Leo kachukua hati yangu ya makabidhiano, kaigeuza juu chini, kasema mbele ya foleni nzima: "Hii saini siyo ya mtu wa hapa."

Siyo ya mtu wa hapa! Mtu kakaa getini kwenu na sare, na kirungu, na kitabu chenu cha wageni mapajani!

Mzigo ni karatasi za A4 katoni 10, yaani rimu 50, na tona 4. LPO yao, ile oda yao ya kununua, ninayo. Kijana wangu kafika na guta saa saba mchana, mtunza stoo kaenda kula. Mlinzi akamwambia, "Shusha hapa, nitawapa wenyewe." Akapiga saini, mkunjo mmoja tu, hakuna jina, hakuna cheo wala saa. Sasa nimepeleka ankara, uhasibu wanasema stoo hawajapokea kitu. Nashuka mapokezi kuuliza, ndipo naambiwa siyo ya mtu wa hapa. Mbele ya watu!

Chekibobu:
Tona 4 tu unataka kula tairi? Ungekuwa umeuza jenereta si ungemeza guta lenyewe.

Bi Stoo:
Pole kaka. Stoo ndiyo kazi yangu, nikueleze. Walinzi wengi wa majengo yale wameajiriwa na kampuni ya ulinzi, siyo ile ofisi. Saini ya mlinzi inaonyesha mzigo umefika getini, basi. Anayepokea ni mtunza stoo: anahesabu, analinganisha na LPO, halafu anatoa hati yake ya kupokelea bidhaa. Uhasibu wakiweka pamoja LPO, hati ya stoo na ankara yako, vikalingana, ndipo unalipwa.

Hujapotea lakini. Mtafute msimamizi wa walinzi, omba muangalie kitabu cha matukio cha siku ile. Geti lililo makini huandika namba ya chombo, saa na mzigo ulioingia. Ukikuta guta lako mle, swali la katoni zilikwenda wapi linakuwa lao. Wahi, walinzi huhamishwa lindo.

Mtu wa Ilala:
Dawa ni mhuri tu. Ukiona mhuri wa ofisi, hawachomoki.

Bi Stoo:
Mhuri unasaidia, ila wa mapokezi unagongwa hata kwenye kadi ya harusi. Ukigongwa bila jina, utamuuliza nani? Mwache mpokeaji aandike jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, cheo, saa na idadi ya katoni. Kijana apige picha ile nakala kabla hajawasha chombo. Na juu ya hati muandike jina na simu ya aliyeagiza, apigiwe kabla katoni hata moja haijashuka.

Guta la Kariakoo:
Dada unasema kweli, lakini njoo barabarani. Mlinzi anakufukuza usiegeshe, aliyeagiza hapokei simu, na mimi nalipwa kwa safari. Nikimsubiri mtu amalize ugali, safari mbili zimenipita. Nani analipa hizo?

Mzee wa Rimu:
Nimerudi sasa hivi. Yule mlinzi kahamishiwa lindo Mbezi! Msimamizi kanionyesha kitabu: guta limeandikwa, namba ipo, saa ipo, ila kwenye mzigo wameandika "maboksi". Maboksi! Mangapi? Ya nini? Na yule dada bado yupo pale anatazama dari. Siyo ya mtu wa hapa, mimi kuambiwa hivyo!

Bi Stoo:
"Maboksi" siyo mabaya, yanaonyesha kuna kitu kiliingia. Sasa muombe aliyeagiza aandike barua pepe kwa stoo wakague kadi zao. Tona huwa zinapotelea ghorofani, mtu kajichukulia.

Binti Temeke:
Mimi niliacha barua ya maombi ya kazi mapokezi kama hapo. Nikaja kuikuta imewekewa vitumbua juu.

Mtu wa Ilala:
Bahati yako iliwekewa vitumbua. Mimi nilimtumia mke wangu pilau kazini kwake, mlinzi akasaini kuwa imepokelewa. Imepokelewa kweli, tumboni.

Chekibobu:
Pilau ya nyama au ya kuku?

Mtu wa Ilala:
Nyama ya mbuzi, na kachumbari. Hotpoti lilirudi limeoshwa.

Fundi Kompyuta:
Mzee wa Rimu, hizo rimu unauzaje? Nataka katoni mbili, nipo Mwenge.

Guta la Kariakoo:
Mwenge napeleka, ila uwepo mwenyewe getini.

Binti Temeke:
Ilala, hilo hotpoti liliogeshwa kwa sabuni au maji matupu?