Mkojo umetoa mistari miwili, mbona daktari ang'ang'anie damu?

Binti_Katwe: Wapendwa, nimechelewa siku sita. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kimetoa mistari miwili. Jumatatu nikaenda kliniki, daktari akapima damu, ikasoma 310. Sasa anataka nirudi Jumatano apime tena! Si kula hela huko? Nina basi la Arua Jumatano usiku, tiketi nimeshalipa.

Kaka_Mkubwa: Dada, mkojo hudanganya, amini damu. Ukinywa maji mengi, mstari unafifia.

MamaPacha: Hongera! Mimi mkojo ulinikatalia mara tatu, kumbe pacha. Sasa wananimalizia posho.

Mkunga_Mstaafu: Kaka, umepatia nusu. Mistari yake miwili haina shida. Mkojo hujibu ndiyo au hapana tu. Damu husema homoni ya mimba imefika kiasi gani. Namba moja haitoshi, maana siku kama hiyo mwingine ana 100, mwingine 500, na wote wazima. Zinazosema ni mbili zilizopishana saa 48. Ila hatuombi hivyo kwa kila mjamzito. Binti, kuna matone? Tumbo linauma upande?

Binti_Katwe: Matone kidogo, ya kahawia. Na kulia panachoma. Miaka miwili nyuma nilipasuliwa, mimba ilitunga kwenye mrija wa kushoto, wakautoa. Lakini huu ni upande mwingine! Na mama mkwe ananisubiri.

Mkunga_Mstaafu: Hayo ungeanza nayo. Aliyewahi kupata hiyo yuko hatarini kuipata tena, hata upande wa pili. 310 yako ikienda vizuri, Jumatano ipite 460 hivi. Ikipanda kwa kujivuta, huenda mimba inaharibika au imetunga nje. Namba peke yake haisemi iko wapi. Hiyo ni kazi ya ultrasaundi, ingawa kwa 310 picha huenda isione kitu bado. Pima maabara ileile, mashine hutofautiana. Maumivu yakizidi, ukipata kizunguzungu au bega likaanza kuuma, nenda hospitali usiku huohuo.

Jicho_Kali: Hadithi ya kutunga hii. Mwezi jana uliandika mumeo yuko Juba tangu Januari. Mimba imepanda basi?

Boda_Kawempe: 😂😂 Juba si mwezini, mzee.

Binti_Katwe: Alikuja wiki moja akarudi. Nimeomba ushauri wa damu, sijaomba cheti cha ndoa.

Jicho_Kali: Bado siamini.

Binti_Katwe (Jumatano, saa kumi jioni): Majibu yametoka. 370.

Mkunga_Mstaafu: Imepanda kidogo mno. Usisafiri. Mpelekee daktari karatasi zote mbili sasa hivi, na umweleze tena kuhusu mrija na hayo maumivu.

Binti_Katwe: Na tiketi?

Boda_Kawempe: Niuzie mimi.