Mteja wa kuweka pesa: ataje namba, aiandike, au aoneshe simu?

KauntaFupi
Nina miezi mitano ya uwakala wa pesa za simu. Kaunta yangu ni ndogo, na foleni ikibanana, anayesubiri anasikia kila neno la anayehudumiwa. Mteja anapotaka kuweka pesa, nimejaribu njia tatu za kupata namba na kiasi: anataja kwa mdomo, anaandika kwenye kikaratasi, au ananionesha simu yake. Kutaja ni haraka lakini wote wanasikia. Wenzangu mnatumia ipi?

MzeeWaFloti
Anzia kwenye swali la kwanza. Mimi nasema, "Karibu, habari za saa hizi. Unaweka, unatoa, au kuna huduma nyingine?" Naishia hapo. Kwangu anayetoa hanitajii chochote: namba yangu ya wakala imebandikwa ukutani, anaiingiza kwenye simu yake, anaweka kiasi na namba ya siri mwenyewe, nami nasubiri ujumbe. Nikihofia keshi haitoshi, namsogezea kikokotoo aandike kiasi, nami natikisa kichwa au nakubali.

Anayeweka ndiye mwenye shida uliyoitaja. Kwake natumia kikaratasi, kisha namrudishia aondoke nacho.

Haraka_Haraka
Mnajipa kazi. Kinachofichwa ni namba ya siri peke yake. Namba ya simu kila mtu anayo, ataje tu twende.

MzeeWaFloti
Kuhusu namba ya siri uko sahihi, hata mimi nageuza uso anapoiandika. Lakini namba ya simu ikisikika pamoja na jina na kiasi, inakuwa kitu kingine.

Mteja wangu mmoja aliweka pesa wakati ule nilipokuwa bado nasoma kila kitu kwa sauti. Hata nusu saa haikupita, akapigiwa: "Dada, ni mimi wakala uliyetoka kwangu. Ule muamala umekwama, nitajie tarakimu zitakazokuja kwenye simu yako." Alimtajia jina lake kamili na kiasi bila kukosea. Angeaminije kwamba si mimi? Bahati yake hakuwa mbali, akarudi kuniuliza kabla ya kutaja lolote. Aliyempigia alipata habari zote kwenye foleni, tena kutoka kinywani mwangu.

Haraka_Haraka
Hilo la kupigiwa sikuwa nimeliwaza. Nakubali kwa siku za foleni. Nikiwa na mteja mmoja tu, bado nitamwacha ataje.

DukaNaUwakala
Mimi floti ndiyo inayonitesa. Ikiisha mchana mnapata wapi ya haraka?

MamaSubira
DukaNaUwakala, hilo ni la siku nyingine, hapa tuko kwenye namba.

Mimi napendelea aoneshe simu, kwa sababu kikaratasi kina ugonjwa wa mwandiko. Juzi namba iliishia 467, mimi nikaingiza 476. Kilichoniokoa ni kwamba sikusoma jina lililotokea kwenye skrini. Nilimuuliza yeye, "Jina la kwanza la mwenye namba ni nani?" Alilotaja halikufanana, nikafuta kabla ya kuthibitisha. Ningesoma mimi, na mawazo yake yako kwa mtoto aliyembeba, angesema "ndiyo" tu. Ukishathibitisha, pesa iko kwa mtu mwingine, na kama ameshaitoa, kuirudisha ni kazi kubwa.

KauntaFupi
Lakini jina si linasikika pia?

MamaSubira
La kwanza pekee, na namba haikutajwa, halimsaidii sana mtu. Anayesoma vizuri namgeuzia skrini aangalie mwenyewe kwenye ukurasa wa kuthibitisha. Usimwoneshe ukurasa wenye salio lako la floti, hiyo nayo ni siri yako. Na simu yake usiishike. Aishike yeye, wewe usome.

MzeeWaFloti
Hilo la kumuuliza jina nalichukua. Niongeze daftari: tunahangaika na kikaratasi huku daftari limefunguliwa kaunta, namba za tangu asubuhi zinasomeka hadi upande wa pili, na simu yenye kamera inazibeba zote mara moja. Mimi nafunika mistari ya juu kwa kadi ngumu, mteja anaona mstari wake anaposaini.

MamaSubira
Nina mmoja amenishinda, ni bibi asiyeona vizuri. Anakuja kutoa, ananipa simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti. Nilikataa, nikamwomba aje na mjukuu. Akaniambia mjukuu ndiye asiyemtaka aijue. Simu yake ni ya vibonyezo, kwa hiyo sasa namwelekeza akipapase kile chenye alama, cha 5, ahesabu kuanzia hapo. Anaweza, ila mara mbili amekosea, na naogopa akikosea tena simu itamfungia. Kuna mwenye njia nyingine?