Umri wa babu alipofariki: nihesabu kwa mkono, Excel au Gramps? Kitabu kinaenda kwa mchapaji Ijumaa

Mjukuu_Ilala
Wakuu, salaam. Kitabu cha ukoo wetu kinaenda kwa mchapaji Kariakoo Ijumaa hii, na ukurasa wa babu bado una pengo moja: alifariki akiwa na umri gani. Tarehe zote mbili ninazo. Shangazi anasema 81, mjomba anasema 78, na mimi nikizitia kwenye Excel napata 79. Nataka njia moja ya kutumia kwa watu wote 64 waliomo kitabuni: kutoa kwa mkono, Excel, au ile programu ya Gramps. Mwenye uzoefu anisaidie.

FundiJedwali
Excel, wala usihangaike. Kuzaliwa weka A2, kufa B2, halafu:

```
=DATEDIF(A2,B2,"y")
=DATEDIF(A2,B2,"ym")
```

Ya kwanza inakupa miaka iliyotimia, ya pili miezi iliyobaki. Watu 64 unawamaliza kabla chai haijapoa.

Mzee_wa_Daftari
Kijana, umeuliza chombo kabla ya kutuonyesha mali yenyewe. Ziandike tarehe hizo kama zilivyo kwenye maandishi, na useme kila moja umeitoa wapi. Kama shangazi na mjomba wanapishana miaka mitatu, kosa huenda halimo kwenye kutoa.

Mjukuu_Ilala
Shikamoo mzee. Kuzaliwa kumeandikwa ndani ya jalada la msahafu wa baba yake, kwa hati za Kiarabu: 20 Mfungo Sita 1325. Kufa ni kwenye cheti cha kifo: 9/3/1986. Mjomba aliigeuza ile ya msahafu akapata 3/5/1907, ndiyo niliyoitia kwenye Excel.

FundiJedwali
Hapo mjomba kakosea. Mfungo Sita ni mwezi wa sita wa Kiislamu, Jumadal Akhir. Nimeigeuza sasa hivi, inakuja 31 Julai 1907.

Mzee_wa_Daftari
Marahaba, Mjukuu. Fundi, hapana. Waswahili tunaanza kuhesabu baada ya kufungua Ramadhani. Mfungo Mosi ni Shawwal, wa Pili Dhulqaada, wa Tatu Dhulhija, wa Nne Muharram, wa Tano Safar, na Mfungo Sita ni Rabiul Awwal, mwezi wa Maulidi. Kwa hesabu yako babu wa watu amesogezwa siku 89. Mjomba yuko sawa: 20 Mfungo Sita 1325 inaangukia 3 Mei 1907, ikiteleza ni kwa siku moja kutegemea mwezi ulivyoandama.

Sasa tutoe kwa mkono, Mjukuu, uone mwenyewe. Siku: 9 toa 3, zinabaki 6. Miezi: 3 toa 5 haitoki, kopa mwaka mmoja, iwe 15 toa 5, inabaki 10. Mwaka wa kufa sasa umebaki 1985, toa 1907, ni 78. Babu alifariki akiwa na miaka 78, miezi 10 na siku 6.

Shangazi naye hakudanganya. Siku aliyofariki ilikuwa 27 Mfungo Tisa 1406. Ukihesabu kwa Hijria toka 20 Mfungo Sita 1325 unapata miaka 81, miezi 3 na siku 7. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo katika umri kama wa babu yako unaongeza zaidi ya miaka miwili juu ya ile ya Kizungu. Maisha ni yaleyale, vipimo viwili.

Mjukuu_Ilala
Subhanallah. Miaka yote hao wawili wamekuwa wakibishana kwenye kila khitma. Na hii 79 yangu imetoka wapi?

Mzee_wa_Daftari
Kompyuta yako inasoma tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. 3/5/1907 imeisoma 5 Machi, na 9/3/1986 imeisoma 3 Septemba. Hapo miaka 79 inatimia kweli. Jaribu kuandika 25/3/1986. Ikijibana kushoto mwa kisanduku, basi imeikataa kuwa tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Rekebisha mpangilio wa nchi, au andika 1986-03-09, kisha uandike upya zile zote ulizokwisha kuziingiza.

Nuru_Temeke
Naomba niseme la kwangu, maana limeniuma. Bibi yetu alifariki 17 Juni 1990. Tulikuwa na karatasi moja tu ya kanisani, ina tarehe 24 Desemba 1933. Binamu akatoa, akapata miaka 56, tukampelekea mchonga mawe. Jiwe likaja zuri, marumaru nyeupe, herufi nyeusi. Siku ya kuliweka, baba yangu mkubwa akasimama mbele yake kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Mimi nimezaliwa 1939. Mama alinizaa ana miaka sita?" Hakuna aliyejibu. Ile ilikuwa tarehe ya ubatizo, na bibi alibatizwa akiwa msichana mkubwa. Jiwe tulilirudisha, tukalipia la pili. Tangu hapo, kabla sijaamini umri wowote wa kufa, natazama mtoto wa kwanza alizaliwa mzazi akiwa na miaka mingapi.

Kijana_wa_Gramps
Pole sana dada. Hilo Gramps ingekuonyesha, kwa sababu ubatizo na kuzaliwa ni matukio mawili tofauti mle, na ukitafuta makosa kwenye orodha inakutolea mzazi aliyezaa akiwa mdogo mno. Na kwako Mjukuu, Gramps ina kalenda ya Kiislamu ndani. Unaingiza tarehe ya msahafu kama ilivyo, haipotei, na umri inautoa yenyewe. Usiyekuwa na uhakika naye unamwekea alama ya "takriban".

FundiJedwali
Ajifunze programu mpya na kuingiza watu 64 kabla ya Ijumaa?

Kijana_wa_Gramps
Bora achelewe wiki moja kuliko achape makosa.

Mzee_wa_Daftari
Kwa Ijumaa, jedwali linatosha, ila yuko aliyezaliwa kabla ya 1900?

Mjukuu_Ilala
Yupo mama yake babu, 1889. Excel inanipa #VALUE!

Mzee_wa_Daftari
Excel haina tarehe kabla ya 1900, inaiona kama maneno tu. LibreOffice Calc inaipokea, na DATEDIF imo. Ila hiyo ya siku, "md", usiitumie kwenye Excel. Mwanzo ukiwa tarehe 31 inaweza kukutolea sifuri au namba hasi. Siku hesabu kwa mkono.

Abuu_Kigamboni
Siku za nini wakati mwezi wenyewe una shaka? Kuna waliofuata mwandamo wa hapa na waliofuata wa kwingine. Na mtoto akizaliwa baada ya magharibi, kwa Kiislamu keshaingia siku ya pili.

Mzee_wa_Daftari
Kweli, Abuu. Kwa tarehe za msahafu mimi huishia kwenye miezi.

Nuru_Temeke
Mjukuu, mtoto wa kwanza wa babu alizaliwa lini? Na hiyo 1325 imesomwa na nani? Kwa tarakimu za Kiarabu ٢ na ٣ zinapishana jino moja tu, na wino wa zamani hufifia.

Mjukuu_Ilala
Alisoma mjomba, miaka mingi iliyopita. Mtoto wa kwanza ni shangazi mkubwa, 1932.

Mzee_wa_Daftari
Ikiwa 1325, alimpata akiwa na miaka kama 25. Ikiwa 1335, babu alizaliwa Januari 1917 na alimpata akiwa na 15, na kufa angekufa na 69. Ya kwanza inaingia akilini zaidi, lakini lipige picha hilo jalada kwenye mwanga wa ubavuni utuwekee hapa.

Mjukuu_Ilala
Msahafu uko kwa shangazi, Magomeni. Nakwenda kesho asubuhi. Ameshaniambia kwamba nisipoandika 81 kitabu hakiingii nyumbani kwake.

Abuu_Kigamboni
Andika zote mbili, kila moja na kalenda yake.

FundiJedwali
Watu wote 64 mara mbili? Safu zitakutosha?