Mjadala: Dagaa waliobaki mwisho wa mwezi tuwathamini kwa fifo au kwa wastani?

Mweka Daftari, Kirumba
Habari za jioni wadau. Tuko watatu, tunanunua dagaa wakavu pale Mwaloni na kuwauza kwa jumla, na faida tunagawana kila mwisho wa mwezi. Mwezi huu tulianza na magunia 40 ya shilingi 100,000 kila moja. Tarehe 8 tulinunua 60 kwa 110,000. Tarehe 18 mbalamwezi ilikuwa imekolea na mzigo umeadimika, tukanunua 50 kwa 130,000. Bei zote nimeshajumlisha boti na upakiaji. Tumeuza 110 kwa jumla ya 14,300,000, yamebaki 40. Mwenzangu mmoja anataka fifo, yaani gharama ya mzigo wa zamani itoke kwanza, mwingine anataka wastani. Nani ana haki?

Kijana wa Igoma
Fifo, hakuna mjadala. Dagaa akikaa sana anashika unyevu na wadudu wanamwingia, kwa hiyo kila mwenye akili anatoa gunia la zamani kwanza. Hayo 40 ni ya tarehe 18, mara 130,000 ni 5,200,000. Mauzo yamewagharimu 11,900,000, faida ghafi ni 2,400,000. Huo wastani ni bei ambayo hamjawahi kumlipa mtu yeyote.

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
Kijana wangu, hesabu yako ni sahihi, ila sababu uliyoitoa haitoshi. Gunia lipi linatoka stoo kwanza ni kazi ya mtunza stoo. Gharama ipi inatoka kwenye daftari kwanza ni uamuzi wa kihesabu, na viwili hivyo si lazima vifuatane. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoo, IAS 2, kinakubali fifo na wastani vyote kwa bidhaa za aina moja kama hizi. Kilichoondolewa ni lifo, ile ya kutoa gharama ya mwisho kwanza, na haijarudi tangu 2005.

Kwa wastani wa mwezi mzima, jumlisha gharama zote: 4,000,000 na 6,600,000 na 6,500,000 ni 17,100,000. Gawa kwa magunia 150, unapata 114,000. Yaliyobaki 40 ni 4,560,000 na faida ghafi ni 1,760,000. Tofauti ya 640,000 ndiyo inayowagombanisha wenzako, na yote imetokana na mzigo mmoja wa mbalamwezi.

Mama wa Mwaloni
Jamani, mnahesabu magunia wakati dagaa anahesabiwa kwa kilo. Mimi nikinunua mzigo ambao haujakauka vizuri, baada ya wiki mbili gunia limepungua na mteja anapima mbele yangu. Hao 40 mmewapima tena au mmeyahesabu tu mlangoni? Na fifo si ndiyo kuuza wa zamani kwanza? Hilo sote tunalifanya tangu zamani, sioni kinachobishaniwa.

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
Mama, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa, maana la kilo umesema kweli kabisa. Kabla ya kuchagua njia, pimeni. Mkikuta kilo zimepungua kwa kiasi cha kawaida, gharama ileile inabebwa na kilo chache, kwa hiyo gharama ya kilo inapanda. Ila hapa tunabishania gharama ya kuandika, mpangilio wa kuuza magunia tunauacha kama mnavyoufanya.

Vipuri vya Boti
Mimi nauza vipuri vya injini za boti, programu yangu ya mauzo imewekwa kwenye wastani. Nimeingiza namba zenu, nikakisia kwamba 90 yaliuzwa kati ya tarehe 8 na 18, na 20 baadaye. Imenipa 5,040,000, si 4,560,000. Mzee, umekosea wapi?

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
Hakuna aliyekosea. Hizo ni wastani mbili tofauti, na watu wengi hugombana bila kujua hilo. Programu yako inapiga wastani upya kila mzigo unapoingia. Tarehe 8 ilikuwa na magunia 100 kwa 106,000. Yakauzwa 90, yakabaki 10 yenye thamani ya 1,060,000. Ukaongeza 50 ya 6,500,000, sasa ni 60 kwa 126,000. Yakatoka 20, yamebaki 40. Angalia jibu hilo lilivyo karibu na la fifo: zinapishana 160,000 tu.

Wastani wa mwezi mzima unashusha thamani kwa sababu unaurudisha mzigo wa tarehe 18 nyuma hadi kwenye mauzo ya tarehe 10, siku ambayo mzigo huo haukuwepo. Kwa bei zinazopanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, mimi napendelea wastani wa kila mzigo. Lakini unadai daftari la kila siku lenye tarehe za mauzo. Anayehesabu stoo mara moja tu mwisho wa mwezi hawezi kuupata.

Mweka Daftari, Kirumba
Vipuri umekisia sawasawa, ni 90 na 20. Tarehe zote ninazo.

Dada wa Ilemela
Mimi niko upande wa wastani wa mwezi, kwa sababu hawa wanagawana pesa taslimu. Wakigawana 2,400,000 za fifo, watakwenda kununua mzigo mwingine kwa bei ya juu na mfuko mtupu. Tena faida ndogo ina kodi ndogo.

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
La kodi lina nusu ya ukweli, dada. Kodi ya mapato inahesabiwa kwa mwaka, kwa hiyo stoo inayohusika ni ya siku ya kufunga mwaka. Halafu 640,000 hizo hazipotei. Chini ya fifo zinaingia kwenye gharama za mwezi unaofuata. Mnachokwepa leo mnakutana nacho kesho, mradi hambadilishi njia kila mwezi kufuata mwezi wa angani. Kuhusu kugawana pesa sina ubishi nawe, ila hilo ni suala la mkataba wao: wanaweza kutumia fifo na wakakubaliana kubakiza sehemu ya faida dukani.

Sasa Mweka Daftari, nijibu: leo wanunuzi wanatoa bei gani?

Mweka Daftari, Kirumba
Giza limerudi na boti zimeanza kuleta. Leo wanatoa 120,000. Mifuko na kupakia ni kama 4,000 kwa gunia.

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
Basi hapo ndipo penye jambo. Stoo haiandikwi kwa thamani inayozidi kile itakachorudisha. Gunia litakurudishia 116,000. Fifo ya 130,000 lazima ishuke, stoo iwe 4,640,000, na hasara ya 560,000 iingie mwezi huuhuu. Faida inabaki 1,840,000. Wastani wa kila mzigo wa 126,000 nao unashuka hadi palepale. Wastani wa mwezi wa 114,000 haushuki, faida yake ni ileile 1,760,000. Ugomvi wa 640,000 umebaki 80,000.

Kijana wa Igoma
Nakubali hilo la kushusha. Lakini mwezi ambao bei inaendelea kupanda halitawasaidia, pengo litarudi lote. Na mwenye kupenda wastani atasema ameshinda.

Mhasibu Mstaafu, Nyamagana
Kweli, litarudi. Ndiyo maana njia ichaguliwe kabla ya kujua bei itakwendaje.

Mweka Daftari, Kirumba
Asanteni sana. Shida iliyobaki ni kwamba anayetaka fifo anajitoa mwezi ujao na anadai fungu lake kwa bei ya stoo ya siku atakayoondoka. Siku hiyo kwa hesabu yangu inaangukia mbalamwezi tena.

Mama wa Mwaloni
Huyo mpimieni kilo kwanza.