Mchoro umeingia na vipimo visivyo vyake: SCALE ya Reference, ALIGN au -DWGUNITS?

mchora_kuta
Wakuu, nimetumiwa DXF ya jengo, nikaifungua kwenye AutoCAD ikaja ndogo mno. Kipimo ninachokijua kwa hakika ni kimoja tu: katikati ya nguzo A1 hadi katikati ya A2 ni milimita 6000. Nikipima kwa DIST napata 236.2205. Kati ya njia hizo tatu, ipi salama? Jengo lina urefu wa mita 48 na vyuma vitakatwa kwa kufuata mchoro huu.

pembe_mraba
Hapo hata hesabu haihitajiki. Andika UNITS, chagua Millimeters, funga. Imeisha hiyo.

bi_kalamu
Hiyo ni nusu ya jibu, kaka. UNITS haigusi mistari iliyokwisha kuchorwa. Akipima tena atakuta 236.2205 ileile. Inabadilika lebo tu, ambayo AutoCAD huisoma faili hili linapoingizwa ndani ya jingine.

mchora_kuta, gawa kabla hujagusa kitu. 6000 ÷ 236.2205 inakupa 25.4, na inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Faili limetoka kwenye inchi. Kazi ya kipimo chako inaishia hapo, kukuonyesha asili ya faili. Kukuza, kuza kwa namba kamili:

```
SCALE
ALL

0,0
25.4
```

Mstari mtupu ni Enter. Nimeweka 0,0 ili faili lisiachane na mengine yaliyochorwa kutoka kitovu hichohicho. Kabla ya hapo fungua leya zote zilizofungwa au kugandishwa, maana vilivyomo humo havikui na wenzake.

rula_ndefu
Lakini dada, Reference si inafanya hesabu hiyohiyo bila kikokotoo? Mimi hushika mlango wowote, nabofya pembe mbili, naandika 900, basi.

bi_kalamu
Kasoro iko kwenye mlango wako. Tuseme mchoraji aliuacha na inchi 35.5, yaani milimita 901.7. Ukiulazimisha uwe 900, unakuza kwa 25.352. Mlango utasoma vizuri kabisa, ila kwenye mita 48 utapungukiwa karibu milimita 90, na fundi wa vyuma ndiye atakayekuja kuligundua hilo. Reference nzuri inashika umbali mrefu kuliko wote unaoujua, OSNAP ikiwa imewashwa. Hata hivyo, uwiano ukikaribia 25.4 bila kuifikia, mimi nauliza kwanza kwa nini.

ALIGN ina udhaifu uleule, kwa sababu uwiano unatoka kwenye mibofyo yako. Naitumia pale tu mchoro unapotakiwa pia kuhamishwa na kuzungushwa ukae juu ya mwingine.

pembe_mraba
Na -DWGUNITS? Ile si inakuza yenyewe, tena kwa namba kamili?

bi_kalamu
Inakuza, ikiwa lebo ya faili ni ya kweli. Hapa namba ni inchi, lakini lebo ikisema mita, amri itazidisha kwa 1000 na nguzo zake zitaachana kwa 236220.5.

mzee_wa_plota
Vijana mnajisumbua. Ikitoka ndogo kwenye karatasi, badilisha skeli ya kidirisha iwe 1:50.

mchora_kuta
Shikamoo mzee. Sijafika kwenye kuchapa bado, udogo uko kwenye modeli yenyewe.

kamba_na_timazi
Mimi wangu ulitokana na karatasi iliyoskaniwa kisha ikachorwa juu yake. Kwa mlalo napata 25.31, kwa wima 25.58. Nichague ipi?

bi_kalamu
Hakuna hata moja. Karatasi ilivutika, na kizidishi kimoja hakiwezi kutibu pande mbili zinazotofautiana. Ukiugeuza kuwa bloku na kuipa X na Y namba tofauti, miduara itakuwa mayai. Uweke nyuma kama kivuli, uchore upya kwa vipimo vilivyoandikwa.

rula_ndefu
Kwa kuta tu, mimi ningevumilia bloku.

mchora_kuta
Nimekuza kwa 25.4. A1 hadi A2 DIST inasoma 6000, na nimehakiki kwa wima, iko sawa. Ila maandishi ya kipimo cha A1–A2, ambayo mwanzo yalisomeka 6000, sasa yanasema 152400!

bi_kalamu
6000 × 25.4 hiyo. Mchoraji aliweka DIMLFAC iwe 25.4 ili inchi zisomeke kama milimita. Irudishe iwe 1 kwenye mtindo wa vipimo, na uangalie vile vilivyopewa thamani yake pembeni.

mchora_kuta
Vimerudi karibu vyote. Vitatu vya upande wa ngazi havikutikisika muda wote huo. Kimoja kinasoma 1200 na DIST inasema 1174.

rula_ndefu
Hivyo viliandikwa kwa mkono juu ya kipimo. Bofya mara mbili uone.

bi_kalamu
Na hapo kukuza hakusaidii. Ama mstari una kosa ama maandishi. Muulize aliyekutumia kabla vyuma vya ngazi havijakatwa.